Kinga ya joto si ngao

Juzi saluni nimesikia tena: "Usiogope, nimeshakupulizia kinga ya joto, hata pasi ikifika nyuzi 230 nywele haziungui." Kinga hiyo, hiti protekta, ni spreyi au losheni inayopakwa nywele kabla ya draya au pasi, ili joto liingie polepole na lisikusanyike mahali pamoja. Basi. Haizuii joto, ingelizuia, nywele zisingenyooka.

Tatizo ni neno kinga. Watu wakilisikia wanaona ngao, mshale ukigonga na kuanguka. Lakini hata ndoo iliyowekwa chini ya paa inakinga maji: mvua inafika, ila imepokewa. Spreyi hii iko karibu zaidi na ndoo, na ndoo hujaa. (Kinga cha moto, yaani kijinga, kile cha "kinga na kinga ndipo moto uwakapo", ni neno jingine, ingawa kuna pasi nimeziona zikistahili jina hilo.)

Geuza chupa usome viambato. Dimethikoni ni silikoni inayobaki juu ya unywele kama utando mwembamba. Haipitishi joto kwa urahisi, na inateleza, hivyo pasi haikwaruzi wala kukwama. Saiklopentasiloksani, ambayo mara nyingi hutangulia kwenye orodha, ni mbebaji tu: inamtandaza mwenzake, kisha inapaa hewani. Protini za ngano zilizovunjwavunjwa nazo huongeza utando na kupunguza kasi ya unyevu kutoka. Zote zinapunguza madhara, hakuna inayoyafuta. Ile 230 iliyoandikwa kwenye chupa haikupi ruhusa ya kuweka pasi 230.

Halafu kuna maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya spreyi nyingi. Mtu amekaushwa vizuri kwa draya, anapuliziwa, na pasi inafuata papo hapo. Chiii! Moshi unapanda, na msusi anasema dawa inaingia. Sehemu ya moshi ule ni maji yanayochemka. Yaliyopenya ndani ya unywele yakigeuka mvuke ghafla hutafuta njia, yanaacha viputo ndani yake, na baadaye unywele unakatikia katikati badala ya kutoka na mzizi. Tena keratini, protini inayojenga unywele, ikilowa huharibika kwa joto la chini kuliko ikiwa kavu.

Utajua siku ya kuosha. Nywele za kipilipili zilizo salama hujikunja tena zikipata maji. Shungi likibaki limelala kama uzi, keratini imeshabadilika, na hakuna spreyi itakayolirudisha.

Kwa hiyo, dada yangu msusi, pulizia kidogo, chana isambae, kausha kabisa kwa draya, kisha pasi ya 180 ipite mara moja. Na mteja akiuliza, usimwambie haziungui. Mwambie umepunguza.