Ustahimilivu, ongezeko la unyeti na ustahimilivu kinyume: mabadiliko yako wapi?

Katika semina moja ya wahudumu wa afya ya jamii iliyofanyika Kisumu mwezi uliopita, mwezeshaji aliandika ubaoni maneno "uhamasishaji wa ubongo", kisha akaeleza kuwa mtu aliyekunywa pombe miaka mingi hufika mahali ambapo glasi moja inamlewesha kwa sababu ubongo wake "umehamasishwa". Wenzangu walinakili sentensi hiyo neno kwa neno. Nimeisikia mara tatu mwaka huu, na kila mara imetoka kinywani mwa mtu mwenye nia njema. Ina makosa mawili ndani yake: moja ni la lugha, na la pili linaweza kumgharimu mgonjwa.

Maana zenyewe hazina maneno mengi. Ustahimilivu ni hali ambapo kiasi kilekile cha dawa au pombe, baada ya kutumiwa mara nyingi, huleta athari ndogo kuliko mwanzo. Ongezeko la unyeti ni kinyume cha hapo: kiasi kilekile huleta athari kubwa zaidi, kwa sababu mfumo wa neva wenyewe umebadilika kutokana na matumizi ya kurudiarudia. Ustahimilivu kinyume, kama madaktari wa ulevi wanavyolitumia neno hilo, ni kupotea kwa ustahimilivu ambao mtu alikuwa nao, na katika pombe sababu yake kubwa ni ini lililoharibika. Yako maandishi, hasa yanayohusu methamfetamini, ambayo huita ongezeko la unyeti kwa jina hilohilo la ustahimilivu kinyume. Nadhani mkanganyiko wetu ulianzia hapo.

Kiswahili nacho kimechangia. Neno la kigeni linalotumika kwa ongezeko la unyeti ndilo lilelile ambalo miradi yetu hulitumia inapokusanya watu kwenye baraza la chifu kuwaeleza habari za chandarua au chanjo, na kwa maana hiyo limezoeleka kutafsiriwa "uhamasishaji". Uhamasishaji unatokana na hamasa, yaani ari na moto wa moyo, na asili yake ni Kiarabu. Seli za ubongo hazipewi ari. Kinachobadilika ni jinsi zinavyoitikia, na kwa hilo tuna neno "nyeti", ambalo kila mtu analielewa anapozungumzia jambo linalohitaji kuguswa kwa uangalifu. Kwa upande mwingine, "uvumilivu" unaleta picha ya tabia njema, kana kwamba mnywaji wa lita nne za busaa ana subira kuliko jirani yake. "Usugu" nao tumeshaukabidhi kwa vijidudu visivyosikia dawa, kwa hiyo tukiutumia hapa msikilizaji atafikiria kifua kikuu. Ndiyo maana ninapendelea "ustahimilivu". Stahimili na himili zina mzizi mmoja wa Kiarabu na hamali, yule mbeba mizigo wa sokoni, na mzizi huo una maana ya kubeba. Kilatini nacho, ambako Wazungu walilitoa neno lao, kilikuwa na maana hiyohiyo. Mwili uliostahimili umejifunza kubeba mzigo, na picha hiyo inatusaidia kuuliza swali ambalo mwezeshaji wetu hakuuliza: hamali akilemewa, je, ni nguvu zake zilizopungua au ni mzigo ulioongezeka?

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Fikiria kile kifaa cha alkoblo ambacho polisi huwapulizisha madereva usiku. Kipimo hicho hakijui kama dereva anayumba. Kinapima pombe tu, na kiwango cha mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi hulingana na takribani miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Mtu ambaye kipimo chake kiko juu lakini anatembea wima na kujibu vizuri, ubongo wake umestahimili. Anayeyumba kwa kipimo cha chini ana ubongo unaoitikia kupita kawaida, au una tatizo jingine. Anayeyumba baada ya glasi moja huku kipimo chake kikiwa juu hana ubongo wa ajabu hata kidogo. Amelewa kama ambavyo mtu yeyote asiye na mazoea angelewa kwa kiasi hicho. La kujiuliza ni kwa nini glasi moja imezaa namba kubwa namna hiyo.

Nitaieleza kwa hesabu. Mwanamume wa kilo 70 akinywa mililita 150 za chang'aa yenye asilimia 40, ameingiza karibu gramu 48 za pombe, na damu yake inaweza kufika miligramu 100 hivi kwa mililita 100. Ini la mtu wa kawaida hushusha kiwango hicho kwa kama miligramu 15 kila saa. Mnywaji wa miaka mingi ambaye ini lake bado lina nguvu huwa ameongeza vimeng'enya vya kuvunja pombe, na anaweza kukishusha kwa 25 hadi 35 kwa saa, kwa hiyo baada ya saa tatu au nne damu yake ni safi na yuko tayari kuanza upya. Huo ni ustahimilivu wa ini. Juu yake upo ule wa ubongo, ambao umepunguza mwitikio wake kwa pombe. Sasa mtazame mtu huyohuyo miaka kumi na tano baadaye. Misuli imekwisha, uzito umeshuka hadi kilo 52, na kwa kuwa pombe husambaa katika maji ya mwili, na maji mengi yako kwenye misuli, glasi ileile inapandisha kipimo hadi 135 hivi. Tuseme kovu la ini limeshusha kasi hadi miligramu 12 kwa saa: pombe hiyo itakaa mwilini zaidi ya saa kumi na moja. Akinywa glasi ya pili jioni, ya asubuhi bado imo.

Mwaka juzi mama mmoja kutoka upande wa Vihiga alimleta mumewe kwenye kituo ninakofanyia kazi. Mzee alikuwa na miaka hamsini na kitu, na shida yao ya siku ile ilikuwa kidonda mguuni. Katika mazungumzo mama akasema, kwa furaha ya kweli, "Daktari, Mungu amesikia. Zamani chupa nzima haikumtosha, siku hizi glasi moja tu analala." Nilimtazama mzee machoni na weupe wa macho ulikuwa na rangi ya manjano. Tulipima sukari kwanza, kwa maana sukari ya mnywaji asiyekula huweza kushuka naye akaonekana mlevi, lakini ilikuwa sawa. Nikamuuliza mama kuhusu siku ambazo mzee hanywi kabisa. Akafikiri, akasema hata siku hizo hulala mchana kutwa, halafu usiku huzunguka nyumba akitafuta vitu visivyopotea. Nilimwomba mzee anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayesimamisha matatu. Viganja vilianguka na kuinuka, vikaanguka tena, mithili ya ndege anayepiga mbawa polepole. Sehemu ya ule "ulevi wa glasi moja" haikuwa ulevi. Ilikuwa sumu ambazo ini lilipaswa kuzichuja, sasa zinafika kwenye ubongo.

Kwa hiyo hata ustahimilivu kinyume una mpaka wake. Pombe iliyokaa kwenye damu inaueleza kwa sehemu kubwa, lakini ubongo uliokwisha kufunikwa na sumu za ini unaangushwa na pombe kidogo, na umri nao unaongeza. Ndiyo sababu kipimo cha pombe kikisoma kidogo au sufuri huku mgonjwa amezubaa, tusiridhike na harufu ya kinywa chake. Anaweza kuwa alianguka juzi na damu inavuja polepole ndani ya fuvu.

Ongezeko la unyeti lenyewe huonekana vizuri zaidi kwenye vichangamshi kama amfetamini na kokeini. Wanyama wa maabara wanaopewa dozi ileile kwa vipindi, siku moja wanapata na siku chache hawapati, huonyesha mbio na msisimko mkubwa zaidi kila mara, na mabadiliko hayo hudumu miezi baada ya dozi ya mwisho. Wakipewa mfululizo bila kupumzika, mara nyingi huonyesha ustahimilivu. Kwa binadamu mambo haya mawili hukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja: raha ya dawa hupungua na hamu ya chakula hurudi, na huo ni ustahimilivu, ilhali kule kuitamani dawa huongezeka. Watafiti Robinson na Berridge walilieleza hili mwaka 1993 walipotenganisha kupenda kitu na kukitaka. Mtumiaji wa methamfetamini aliyewahi kusikia sauti na kushuku kila mtu anaweza kukaa miezi akiwa mzima, kisha dozi ndogo, ambayo zamani isingemfanya lolote, ikamrudishia shaka zilezile. Damu yake haina dawa nyingi na ini lake ni zima. Ni ubongo uliobadilika. Kathinoni iliyo kwenye miraa na muguka ni jamaa wa karibu wa amfetamini, ingawa ni dhaifu zaidi inapotafunwa, na anayefanya kazi na madereva wa usiku wa hapa Nakuru na Kisumu ana sababu ya kuijua picha hii.

Pombe nayo ina unyeti wake unaoongezeka, ila hauko kwenye glasi. Uko kwenye kuacha. Mwaka 1978 watafiti Ballenger na Post walieleza jinsi vipindi vya kuacha pombe ghafla vinavyozidi kuwa vikali kadiri vinavyojirudia: mara ya kwanza mikono inatetemeka, miaka kadhaa baadaye mtu huyohuyo anapata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Anayemwambia mzee kama yule wa Vihiga aache leo hii akiwa peke yake nyumbani, kwa kuwa "siku hizi anakunywa kidogo tu", anamtia hatarini.

Nimemwandikia mwezeshaji wetu kumwomba abadilishe mstari mmoja katika maelezo yake kabla ya semina ijayo. Pale aliposema kuwa ubongo wa mnywaji wa zamani umehamasishwa, aseme kuwa mara nyingi ini lake limeshindwa kuiondoa pombe, na kwamba mhudumu anayesikia habari za glasi moja atazame macho, aulize kuhusu usingizi, na amwombe mgonjwa anyooshe mikono. Neno "ongezeko la unyeti" aliweke kwa ajili ya somo la vichangamshi, ambako nafikiri atalieleza vizuri kuliko mimi.