Sacco yako imebadilisha masharti ya data: unachoweza kukataa na usichoweza

"Mpendwa mwanachama, tumeboresha sera yetu ya faragha. Ukiendelea kutumia huduma zetu, utakuwa umekubali masharti mapya." Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu za watu wa Nairobi kila mara, kutoka kwa Sacco, benki, hospitali hata shule. Mwishoni huwa na kiungo, na anayekifungua hukuta kurasa nyingi za lugha ya mawakili. Wengi huufuta tu. Siwalaumu, kwa sababu ujumbe wenyewe haujawaambia lolote: haukusema nini kimebadilika, na hiyo ridhaa unayodai kwa mtu aliyenyamaza si ridhaa mbele ya sheria.

Mimi ni afisa wa ulinzi wa data katika Sacco hapa jijini, na kuwaandikia wanachama jumbe kama hizi ni sehemu ya kazi yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa, kwa kauli yake au kwa kitendo kinachoonekana. Kuendelea kuweka akiba yako kila mwezi si kitendo cha kukubali namba yako ipewe mtu mwingine. Ni kuweka akiba.

Tuchukue mfano wa Sacco ya wafanyabiashara, wengi wao wauza nguo wa Gikomba, inayotaka kufanya mambo matatu mapya. Kwanza, itahifadhi nakala ya kitambulisho na kumbukumbu za miamala kwa miaka 7 baada ya mwanachama kuondoka. Pili, itahamishia mafaili ya wanachama kwenye seva zilizo nje ya Kenya. Tatu, itaipa kampuni ya bima majina na namba za simu ili iwatangazie wanachama bima ya biashara. Meneja angependa haya yote yaingie kwenye waraka mmoja wenye kitufe kimoja cha "Nakubali". Hapo ndipo mambo huharibika, maana kila moja kati ya hayo matatu lina msingi wake kisheria, na chaguo la mwanachama katika kila moja ni tofauti.

Hilo la miaka 7 halihitaji ridhaa. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ndiyo inayoilazimisha taasisi ya fedha kutunza kumbukumbu hizo kwa muda usiopungua huo. Kumwomba mwanachama akubali ni kumpa chaguo ambalo hana, na siku atakaposema "futeni kitambulisho changu" utalazimika kumkatalia jambo ulilomwambia ni hiari yake. Njia ya ukweli ni kumjulisha tu: tunatunza hiki, kwa muda huu, kwa sababu sheria inatutaka, na muda ukiisha tutakifuta. Anachoweza kudai ni kuona tunachotunza na kusahihishiwa kilichokosewa.

La seva ndilo zito, na ndilo linalopitishwa haraka kuliko yote kwa sababu linaonekana kuwa la mafundi. Kupeleka data nje ya nchi kunaruhusiwa iwapo kuna ulinzi wa kutosha huko inakokwenda. Lakini kifungu cha 49 kinaongeza sharti kwa data nyeti: isichakatwe nje ya Kenya mpaka mhusika aridhie na ulinzi uthibitishwe. Watu wengi wakisikia data nyeti hufikiria hali ya afya au alama za vidole. Sheria yetu ya Kenya inakwenda mbali zaidi. Inataja pia hali ya ndoa, maelezo ya mali, na maelezo ya familia, yakiwemo majina ya mke au mume, watoto na wazazi.

Sasa fungua faili la mwanachama yeyote wa Sacco. Fomu ya kujiunga ina jina la mume au mke. Fomu ya warithi ina majina ya watoto na mgao wa kila mmoja. Kwenye faili la mkopo kuna nakala ya hati miliki ya ploti iliyowekwa dhamana, pengine na logibuku ya gari. Karibu kila ukurasa una data nyeti, kwa hiyo huwezi kulihamisha faili lote nje kwa kutoa taarifa tu. Inabidi uulize, na aliyekataa awe na mahali pa kubaki.

Ndiyo maana, kabla sijaandika sentensi hata moja ya tangazo la namna hii, humwuliza fundi wa mitambo: mwanachama akijibu hapana, faili lake litakaa wapi? Akiniambia mfumo mpya hauna namna ya kumtenga mtu, basi bado hatuna chaguo la kumpa mwanachama. Lazima fomu za warithi na dhamana zibaki kwenye seva ya hapa Kenya, au uhamisho usubiri. Taasisi nyingi huanza na tangazo na kuliacha swali hili mwisho, kisha jibu la hapana likifika hakuna mtu anayejua alifanyie nini.

Katika fomu hizo hizo kuna watu ambao hata si wanachama. Mke, mtoto na mzazi walioandikwa kama warithi hawatapata ujumbe wako, na ridhaa ya mwanachama haigeuki kuwa ridhaa yao. Ukitaka kutumia data yao kwa jambo jipya, watafute wenyewe, au mzazi au mlezi ikiwa ni mtoto. Vinginevyo iache ilipo kwa kazi iliyoandikiwa. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 baada ya watu kulalamika kwamba majina na namba zao zilipatikana kupitia kwa wengine na kutumika kuwatisha. Jina lililoandikwa kwenye fomu kwa nia njema linaweza kumletea mwenyewe usumbufu asioujua ulikotoka.

La tatu, namba za simu kwenda kwa kampuni ya bima, ni matumizi ya kibiashara, na kwa mpango huu Sacco yetu ya mfano inahitaji jibu la ndiyo kutoka kwa kila mtu mmoja mmoja. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160, na zinatosha kabisa:

Tungependa kuipa kampuni ya bima jina na namba yako ili ikutangazie bima. Ukikubali, jibu NDIO. Usipojibu, hatutaipa. Mkopo na akiba yako havibadiliki.

Tazama sentensi mbili za mwisho. Ya kwanza kati yake inasema kunyamaza kuna maana gani, na maana hiyo inamlinda asiyejibu. Ya pili inajibu swali ambalo kila mtu analo rohoni. Mama mmoja muuza mitumba aliwahi kunishikia simu yake mbele ya kaunta, kidole kikiwa juu ya kitufe, akaniuliza, "Sasa mwanangu, nikikataa, ule mkopo wangu wa Januari utasimama?" Nilimjibu, "Hapana, mama, mkopo hauhusiki kabisa." Akabonyeza hapana, akaenda zake. Angekubali kwa hofu, na ridhaa ya hofu si ya hiari. Kwa hiyo tangazo lisilosema kitakachotokea ukikataa bado halijakamilika, hata likiwa na Kiswahili chepesi namna gani. Na jibu hilo lisimgharimu mwanachama. Tumia namba isiyotoza, na mhudumu wa kaunta awe na fomu ya kumsaidia asiye na simu.

Upande wa taasisi, jukumu la kuthibitisha kwamba mtu aliridhia ni letu, si lake. Tunza tarehe, njia aliyotumia kujibu, na maneno kamili aliyoonyeshwa siku hiyo. Nikikagua orodha ya ridhaa, kitu cha kwanza ninachotazama ni saa. Nikikuta mamia ya wanachama "wamekubali" ndani ya dakika moja, najua kuna karani aliyejaza safu nzima kwa mkupuo, au kisanduku kilichokuja kikiwa kimetiwa alama tayari. Orodha ya aina hiyo ni ya kuitupa na kuanza kuuliza upya.

Mwanachama anaweza pia kukubali leo na kujiondoa baadaye, wakati wowote. Kujiondoa hakubatilishi yaliyofanyika kabla, lakini kuanzia hapo matumizi yanakoma, na Sacco inapaswa kuchukua hatua zinazofaa kuijulisha kampuni ya bima iliyopewa namba hiyo. Kanuni za mwaka 2021 zinatoa siku 14 kwa ombi la kupinga matumizi, kusahihisha au kufuta, na siku 7 kwa ombi la kuona data yako.

Hapa kuna hatari moja ya kuangalia. Matapeli wanajua majira ya matangazo haya na hutuma ya kwao. Tangazo halali la masharti ya data halina sababu yoyote ya kukuomba PIN ya M-Pesa, nenosiri wala tarakimu za siri zilizotumwa kwenye simu yako. Ukiwa na shaka usibonyeze kiungo; piga namba iliyo kwenye kitabu chako cha Sacco au fika tawini.

Ukiona masharti yamebadilishwa bila kukueleza, anza na Sacco yenyewe, kwa maandishi. Barua ya mistari mitatu inatosha: jina na namba yako ya uanachama, jambo unalolipinga, na tarehe. Mfano: "Mimi, mwanachama namba fulani, sikubali namba yangu ya simu ipewe kampuni ya bima. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama imeshatolewa, na kwa nani." Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku 14 zikipita kimya, au ukijibiwa kwamba huna la kufanya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoko Upper Hill, au kupitia tovuti yao ya odpc.go.ke. Ofisi hiyo inatakiwa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90. Ambatisha nakala ya barua yako, ujumbe wenyewe kama ulivyoingia kwenye simu, na jumbe au namba za waliokupigia, pamoja na tarehe na saa.