Spora sita nyeusi, mbili kijivu: dhana potofu kuhusu ugeuzaji jeni

Kila mwaka, katika maabara ninayohudumu hapa Kisumu, wanafunzi huhesabu spora za Sordaria, kuvu inayoota kwenye mavi ya wanyama wala majani. Tunakutanisha aina yenye spora nyeusi na ile ya kijivu kwenye aga, rojo ya kukuzia kuvu, tunangoja, kisha tunaponda vibonge vyake vyenye mifuko ya spora chini ya kioo. Ndani ya kila mfuko kuna spora nane zilizojipanga kama maharagwe kwenye ganda, na mfuko uliotokana na aina zote mbili kwa kawaida huwa na nyeusi nne na kijivu nne. Muhula uliopita msichana mmoja aliniita kwenye hadubini yake. "Mwalimu, huu umenikataa. Nyeusi ni sita, kijivu mbili." Jirani yake akadakia, "Rudia, umehesabu vibaya."

Dhana: Ikitoka nje ya nne kwa nne, mhesabuji amekosea.

Mara nyingi jirani angekuwa sahihi. Spora changa huwa hafifu na hudhaniwa kijivu. Mifuko miwili ikilaliana, spora za huku huhesabiwa kule. Ndiyo maana huwa nawaambia wagonge kioo cha juu taratibu hadi mfuko ujitenge, na waangalie majirani zake kama wameiva. Tulifanya hivyo. Sita zilibaki sita.

Dhana: Basi ni kromosomu kubadilishana vipande.

Hili ndilo kosa linalonisumbua zaidi, kwa sababu linatokana na kusoma, si uvivu. Kubadilishana vipande ni kama watu wawili kubadilishana viti: hakuna anayeongezeka wala kupungua. Katika Sordaria hubadilisha mpangilio tu, ukaona nyeusi mbili, kijivu nne, nyeusi mbili. Zihesabu: bado ni nne kwa nne. Sita kwa mbili inahitaji aleli moja, yaani toleo moja la jeni, kufutika na nyingine kuandikwa mahali pake, na huko ndiko kunakoitwa ugeuzaji jeni.

Hebu tuufuate mfuko wa yule msichana. Kabla ya meiosisi, mgawanyiko wa seli unaozaa spora, kila kromosomu imeshajinakili, kwa hiyo tuna nakala nne ziitwazo kromatidi, mbili za nyeusi na mbili za kijivu. Protini iitwayo Spo11 hukata DNA makusudi, nyuzi zote mbili. Tuseme imekatika kromatidi ya kijivu. Vimeng'enya hula sehemu ya uzi pande zote za mkato, na ncha iliyobaki huenda kwenye kromosomu mwenzake, ile ya nyeusi, ikaifanya kielelezo cha kunakili. Nyeusi haipotezi chochote. Lakini kromatidi iliyokatika sasa ina kiraka ambacho uzi mmoja unasema nyeusi na wa pili unasema kijivu, herufi hazioani.

Hapo mafundi wa seli huondoa upande mmoja. Wakiondoa kijivu, kromatidi tatu zinakuwa nyeusi na moja kijivu. Kila moja hujigawa mara moja zaidi, ukapata sita kwa mbili. Wakiondoa nyeusi, tunarudi nne kwa nne na hakuna atakayejua kulitokea kitu. Wasipogusa chochote, kromatidi ile itazaa spora moja nyeusi na moja kijivu, na mfuko utakuwa tano kwa tatu. Huo wa tano kwa tatu ndio ushahidi mtamu kuliko yote, maana unauona mkanganyiko wa nyuzi kwa macho yako.

Mkato ukishazibwa, kromosomu zinaweza kuwa zimebadilishana vipande au hazikubadilishana. Kiraka hubaki katika hali zote mbili.

Dhana: Hii ni mutesheni.

Mutesheni ingeleta herufi mpya. Hapa aleli iliyoingia ilikuwa tayari kwa mwenzake. Tena kiraka ni kifupi: jeni nyingine zilizo mbali kidogo kwenye kromosomu hiyohiyo hubaki nne kwa nne.

Dhana: Kumbe ndiyo sababu mahindi yangu hayakutoka nusu kwa nusu.

Mjomba wangu wa Bungoma alilishikilia hili siku nzima. Chukua mifuko 1,000, yaani spora 8,000, na useme 10 imegeuzwa. Mitano ikielekea nyeusi na mitano kijivu, jumla ni 4,000 kwa 4,000. Hata yote 10 ikielekea nyeusi, ni 4,020 kwa 3,980. Gunzi lenye theluthi moja ya punje nyeupe pale ulipotarajia nusu lina sababu nyingine, na kwa kuwa chavua za meiosisi moja hutawanyika, huwezi kuzikusanya tena uzihesabu.

Ila upendeleo mdogo ukirudiwa vizazi na vizazi hulimbikizana. Kwa binadamu, mahali ambapo herufi ya DNA A au T inashindana na G au C ndani ya kiraka kisichoandamana na kubadilishana vipande, G au C hushinda karibu mara mbili kati ya tatu, hata kama haimfaidi mwenye nayo. Na kwa kuwa kromosomu iliyokatwa ndiyo inayonakili kwa mwenzake, aleli inayovutia mkato hujifuta yenyewe polepole.

Msichana aliuchora mfuko wake kwenye daftari. Darasa zima siku ile halikupata wa pili.