Hakuna mstari mwekundu, kwa hiyo imeili iko sawa? Hapana jamani

Nafundisha wafanyakazi wa ofisini kuandika imeili za kazi, na kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mno mpaka wiki hii nimechoka nayo: "Lakini mwalimu, haikuonyesha nyekundu." Mtu ametuma imeili kwa simu akiwa anatembea, neno limegeuka maana, kazi imeharibika, na utetezi wake ni kwamba simu haikupiga mstari mwekundu chini ya neno. Sasa leo naiandika yote mahali pamoja.

Mstari mwekundu unajibu swali moja tu, hili neno lipo kwenye kamusi ya kibodi au halipo. Hauulizi kama ndilo neno ulilotaka. Na otokorekti kazi yake ni kukuwekea neno ambalo lipo, kwa hiyo ikikosea, kosa lake karibu siku zote linakuwa neno halali, limeandikwa vizuri kabisa, halina mstari. Yaani otokorekti ikikosea ndiyo hapo hapo ule mstari unaoutegemea unaondoka. Hilo watu hawataki kulisikia.

Nikupe kisa. Dada mmoja niliyemfundisha alikuwa njiani, akamwandikia msimamizi wa ghala: "Naomba mfungue ghala kesho saa 2 asubuhi, mzigo unakuja." Kidole kikateleza, badala ya g akagusa h iliyo jirani yake, ikawa "mfunhue". Akagonga nafasi akaendelea. Kilichofika kwa msimamizi ni "Naomba mfunge ghala kesho saa 2 asubuhi, mzigo unakuja." Msimamizi akashangaa kidogo lakini agizo linasomeka, akadhani labda mzigo unapelekwa kwingine, akafunga. Magari yakafika yakakuta kufuli.

Tulipokaa naye nikamwambia fungua noti kwenye simu yako, andika "mfungue" polepole, herufi kwa herufi, zima otokorekti kwanza. Likapigwa mstari mwekundu! Neno sahihi kabisa la Kiswahili, kamusi ya simu yake hailijui. Andika "mfunge", halina mstari. Hapo tukaelewa kilichotokea. Kibodi inapoona herufi zisizo neno, inaangalia vidole vyako vimegusa wapi, inaangalia maneno inayoyajua yaliyo karibu na hapo, na lipi linaelekea kufuata maneno yaliyotangulia, halafu ukigonga nafasi au nukta inabadilisha. "Mfungue" lilikuwa tofauti kwa herufi moja tu, lakini halimo kwenye orodha yake, kwa hiyo halikuweza kuchaguliwa hata kidogo. "Mfunge" liko mbali zaidi lakini linajulikana. Likashinda.

Na Kiswahili chetu ndicho kinachoumia hapa, kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na kukanusha vyote ndani ya neno moja. Chukua fungua tu: nifungue, tufungue, msifungue, tutawafungulia, hawajafunguliwa... huwezi kuzimaliza, na kamusi ya kibodi haiwezi kuwa nazo zote. Halafu herufi zinazogeuza maana ni chache mno. Funga na fungua, ziba na zibua, panga na pangua, hapo u moja inakupa kinyume kabisa. Kata na kataa, a moja. Nitalipa na sitalipa, nimelipa na nimelipwa. Haya yote ni maneno halali, kamusi ya simu ikiyajua hakuna hata moja litakalopigwa mstari, na yote yanakaa kwenye sentensi bila kusumbua sarufi. Mtu akiniambia otokorekti imemharibia imeili, mimi sianzi kutafuta majina wala maneno magumu, naanza na vitenzi.

Kwa hiyo namna ya kukamata. Usisome imeili yote tena kwa haraka, haisaidii, kwa sababu kichwa chako kinajua ulichokusudia na jicho linaona kile kile. Tafuta kitenzi kinachobeba agizo au ahadi, mara nyingi ni kimoja au viwili kwenye imeili nzima, kiweke kidole juu yake, kisome kwa sauti silabi kwa silabi: m-fu-ngu-e. Ukikisoma kwa mdomo huwezi kuiruka ile u. Halafu kama kuna kukanusha (si-, ha-, -si-, -ku-) hakikisha ipo pale ilipotakiwa. Sekunde kumi hivi.

Na kuna ushauri wangu mwingine ambao wanafunzi wangu wameshauchoka lakini siuachi: agizo lolote linaloweza kugeuka kinyume, liseme mara mbili kwa maneno tofauti. "Naomba mfungue ghala, milango iwe wazi kufikia saa 2." Sasa hata kibodi ikikuandikia mfunge, msomaji anaona funga na wazi havikai pamoja, atakupigia simu kuuliza. Yule msimamizi angepiga simu.

Mengine wanayoniambia wanafunzi, nayajibu kwa ufupi.

"Nitaizima otokorekti nimalize." Kwa imeili za kazi mimi naunga mkono uizime kweli, kwenye Gboard, kibodi ya Google, ni `Auto-correction` ndani ya `Text correction`, kwenye iPhone ni `Auto-Correction` ndani ya `Keyboard`. Lakini haimalizi, utaendelea kukosea kwa vidole na bado unaweza kugusa pendekezo baya pale juu ya herufi. Faida yake ni kwamba "mfunhue" itabaki "mfunhue", na msomaji akiona hivyo anauliza. Afadhali kosa baya linaloonekana kuliko kosa safi.

"Simu itajifunza yenyewe." Inajifunza ndiyo, na makosa yako pia inayajifunza ukiyaacha yapite mara nyingi. Kwenye Gboard pendekezo baya ukilishikilia unaweza kuliburuta kwenye pipa la taka, kwenye iPhone kuna `Reset Keyboard Dictionary` ila hiyo inafuta yote uliyoifundisha, si neno moja. Njia nzuri zaidi ni kuyaingiza mwenyewe maneno ya kazi yako kwenye kamusi binafsi ya kibodi, anza na vitenzi unavyotuma kila wiki. Yule dada aliingiza mfungue, mfunguliwe na msifungue siku ile ile.

"Nikiona imebadilisha nitarudisha." Ukiona, sawa. Kwenye Gboard ukigonga kufuta mara tu baada ya kubadilishwa, neno lako linarudi. Kwenye iPhone kuanzia iOS 17 neno lililobadilishwa linapigwa mstari kwa muda mfupi, ukiligusa unapewa ulichoandika. Lakini mtu anayeandika haraka macho yake yako kwenye herufi za chini, si kwenye maandishi juu, na ukishaandika maneno kadhaa mbele nafasi hiyo imepita.

"Kuna andu." Apu ya Mail ya iPhone kwa kawaida inakupa sekunde 10 za kuirudisha imeili uliyotuma na unaweza kuongeza hadi 30, Gmail kwenye kompyuta inakuruhusu kuchagua 5, 10, 20 au 30. Zikiisha imeili imekwenda, na wewe wakati huo simu umeshairudisha mfukoni. Afadhali uache sehemu ya anwani ya mpokeaji wazi mpaka umeshasoma kile kitenzi kwa sauti, maana bila anwani hata kidole kikigusa kutuma haiendi kokote.