Kadirio linalokubalika katika A*

Programu inapotafuta njia kwenye ramani ya visanduku, iwe ya mchezo wa kompyuta au ya roboti, mara nyingi hutumia moja ya algorithimu mbili. Ya Edsger Dijkstra ilichapishwa mwaka 1959. A* ilifuata mwaka 1968, kazi ya Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa wakishughulikia roboti aitwaye Shakey katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Kwa namna zinavyofanya kazi, ni ndugu wa damu.

Zote mbili zina foleni ya visanduku vinavyosubiri kuchunguzwa. Dijkstra hutoa kwanza kile chenye g ndogo kuliko vyote, yaani gharama iliyokwisha kutumika tangu mwanzo. A* hutazama jumla hii:

```
f = g + h
```

Hapo h ni kadirio la gharama iliyobaki hadi mwisho wa safari. Ukiifanya h kuwa sifuri kila mahali, unarudi kwa Dijkstra. Faida ya h huonekana haraka. Chukua uwanja mpana usio na vizuizi, ambamo unakwenda pande nne tu, kila hatua gharama 1, na lengo liko hatua 20 moja kwa moja mashariki. Dijkstra, isiyojua lengo liko upande gani, itasambaa pande zote na kuchunguza visanduku 761 kabla ya kulifikia. A* ikihesabu tu hatua zilizobaki za kulala na za kusimama, itachunguza 20.

Sasa, h gani inaruhusiwa? Sharti ni moja: isizidi kamwe gharama halisi iliyobaki. Ikikadiria pungufu, sawa. Ikizidisha hata kwenye kisanduku kimoja, haikubaliki. Tazama ramani hii, ambapo kuingia kwenye nukta, au kwenye Z, ni gharama 1, na kuingia kwenye tope (T) ni 3:

```
. . . . .
A T T T Z
```

Kutoka A kukatiza topeni hadi Z ni 3+3+3+1, yaani 10. Kuzunguka kwa juu ni hatua sita za gharama 1, jumla 6. Tukitumia h = idadi ya hatua zilizobaki, kisanduku cha tope cha kwanza kina f ya 3+3 = 6, na kile cha juu ya A kina 1+5 = 6. Kutoka hapo njia ya juu hubaki na f ya 6 hadi mwisho, ilhali tope la pili linapanda hadi 8. Njia ya 6 inashinda.

Halafu mtu anasema: hapa kuna tope, basi tuzidishe kila hatua kwa 3. Tope la kwanza linakuwa na 3+9 = 12, lakini cha juu ya A kinakuwa na 1+15 = 16. Kisanduku hicho kilibakiza gharama 5 tu, nasi tumekitangazia 15. A* inashika tope: 12, 12, 12, kisha inafika Z kwa 10 na kusimama. Njia ya 6 imebaki foleni, imezibwa na bei ya uongo.

Hapo ndipo sababu ya sharti ilipo. Kabla lengo halijatolewa kwenye foleni, daima kuna kisanduku cha njia bora kinachosubiri. Kama h haizidishi, f yake haiwezi kuvuka gharama ya njia bora, kwa hiyo kitatolewa kabla ya lengo lililofikiwa kwa gharama kubwa zaidi.

Kosa ninaloliona sana ni kuruhusu mwendo wa mshazari bila kubadili kadirio. Hatua moja ya mshazari hugharimu takriban 1.41, lakini hesabu ya pande nne itasema 2. Vivyo hivyo ukiweka barabara ya gharama 0.5 huku h ikidhani kila hatua ni 1: kadirio lazima litumie gharama ya hatua iliyo rahisi kuliko zote kwenye ramani.

Kulibaini si kazi. Weka h = 0, endesha tena, linganisha gharama. Na kwenye mfano wetu ulio mbovu dalili ilikuwa wazi: kadirio la pale A lilikuwa 12, njia iliyopatikana ikagharimu 10.

Wapo wanaozidisha kadirio linalokubalika kwa makusudi ili programu ikimbie. Ukilizidisha kwa w, njia utakayopata haitazidi w mara ya iliyo bora. Kwetu w ilikuwa 3, kikomo 18. Kwa adui anayemfukuza mchezaji, mimi singeona tabu.