Duka linakua haraka, hela ya nje itahitajika kiasi gani? Hesabu ya asilimia ya mauzo

Kuna swali napata sana kutoka kwa wenye maduka, na karibu kila mara linakuja kwa sura ileile: mauzo yanapanda, faida ipo, mbona hela haionekani na saplaya anapiga simu? Jibu lake huwa si wizi wala matumizi mabaya (japo hayo nayo yapo). Jibu ni kwamba duka linalokua linameza hela kabla halijatoa, na kiasi kitakachomezwa unaweza kukikadiria mapema kabisa kwa kutumia taarifa za makadirio zinazoshikizwa kwenye asilimia ya mauzo. Leo naipitisha hesabu nzima kwa duka moja la mfano, namba zote ni za milioni.

Mwaka jana duka liliuza 200. Bidhaa zilizouzwa ziligharimu 150, uendeshaji ukala 36, riba ya mkopo 4, ikabaki faida ya 10 kabla ya kodi. Kodi tuseme ni asilimia 30, kwa hiyo faida halisi ni 7. Sasa mwenye duka anasema mwaka ujao atafika 300, yani ukuaji wa asilimia 50. Hapo kabla sijabishana nae kuhusu hiyo 300 (na huwa nabisha, maana ndo namba inayobeba kila kitu), nachukua mizania nauliza kila mstari: we mauzo yakipanda, unapanda nao au unabaki ulipo?

Cash ya kwenye droo na benki inapanda. Wadaiwa wanapanda. Stoku inapanda, na hii ndo kubwa. Upande wa pili, mali kauli ya saplaya inapanda pia maana ukiagiza mzigo mwingi unadaiwa zaidi, na gharama ambazo hazijalipwa kama mishahara nazo zinasogea. Ila mkopo wa benki haupandi wenyewe, benki haiongezi kitu bila kuombwa, na mtaji wa mwenye duka unaongezeka kwa faida tu anayoiacha ndani. Rafu, friji na vifaa vingine tuseme bado vina nafasi, na tunanunua vipya kiasi cha kufidia vinavyochakaa, basi vinabaki 30.

| | Mwaka jana | % ya mauzo | Makadirio |
|---|---|---|---|
| Cash | 4 | 2 | 6 |
| Wadaiwa | 6 | 3 | 9 |
| Stoku | 40 | 20 | 60 |
| Vifaa | 30 | – | 30 |
| Jumla ya mali | 80 | | 105 |
| Saplaya | 16 | 8 | 24 |
| Gharama zisizolipwa | 2 | 1 | 3 |
| Mkopo | 40 | – | 40 |
| Mtaji wa mwenye duka | 22 | – | 29.9 |
| Jumla ya vyanzo | 80 | | 96.9 |

Ile 29.9 imetoka kwenye taarifa ya mapato ya makadirio. Mauzo 300, bidhaa asilimia 75 ni 225, uendeshaji asilimia 18 ni 54, inabaki 21. Toa riba 4, toa kodi, faida ni 11.9. Mwenye duka anachukua 4 ya nyumbani, anaacha 7.9, jumlisha na ile 22 ya zamani.

Mali zinadai 105 na vyanzo vimetoa 96.9. Pengo ni 8.1, na hiyo ndo hela ya nje. Haijalishi uliipenda au la, mizania lazima ilingane, kwa hiyo ama utaitafuta mapema ama itajitafuta yenyewe kwa kuchelewesha malipo ya saplaya au rafu kubaki tupu.

Ila mi napenda kuiona hesabu hii kwa namna nyingine inayoonyesha kwa nini ukuaji wenyewe ndo unaleta njaa. Kila mauzo mapya ya 100 yanadai mali mpya za 25 (cash 2, wadaiwa 3, stoku 20). Saplaya na gharama zisizolipwa wanabeba 9, zinabaki 16 za kutafuta. Hayohayo mauzo ya 100 yanaleta faida ya 4.9 baada ya kodi. Kwa hiyo kila 100 mpya inaacha shimo la 11.1. Kinachopunguza shimo ni ile faida ya biashara ya zamani isiyotolewa, 7 toa 4 ni 3, ndo unarudi palepale 8.1. Ukiigeuza unapata kitu kizuri zaidi: hiyo 3 inaweza kufunika ongezeko la mauzo la kama 27 tu, yani duka hili linaweza kukua kwa asilimia 13 na nusu hivi bila hela ya mtu. Juu ya hapo, hata kama faida ni nzuri, lazima kuna mtu wa nje anachangia, na mwenye duka akiamua kuchukua zaidi ya 4 nyumbani basi hata hiyo 13 inashuka.

Sasa tuje kwenye riba. Ukikopa hiyo 8.1 kwa riba ya asilimia 10, utalipa riba zaidi, faida itapungua, basi pengo linakua kidogo, basi unakopa tena kidogo, inazunguka hivyo. Kwenye ekseli ukiunganisha seli vibaya itakulalamikia kuhusu mzunguko. Huhitaji kuhangaika nayo, gawa tu kwa sehemu inayobaki baada ya riba ikishatolewa nafuu ya kodi:

```
=8.1/(1-0.10*(1-0.30))
```

Inatoka 8.7. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo watu wanaotumia siku nzima wakisaka ukamilifu wa riba huku hawajagusa namba ya saplaya wananichekesha kidogo.

Maana tatizo kubwa lipo huko kwa saplaya. Tumesema mali kauli itapanda kutoka 16 hadi 24 kana kwamba ni sheria ya maumbile. Si sheria, ni ruhusa. Saplaya wengi wana kikomo kwa kila mteja, na mteja anayekua haraka akianza kuchelewa hata siku chache kikomo kinaweza kushushwa badala ya kupandishwa. Kikibaki 16 ileile, pengo la 8.1 linakuwa 16.1, ukiweka na riba ni kama 17.3, yani karibu mara mbili, na hakuna kitu kingine kilichobadilika. Ndo maana kabla ya kuweka ile asilimia 8 kwenye makadirio namwambia mwenye duka apige simu kwa saplaya wake wakubwa awaulize wazi, nikiagiza nusu zaidi ya sasa, mtanipa kwa masharti yaleyale? Simu hiyo ina thamani kuliko fomula yoyote kwenye hii post.

Kingine kinachosahaulika ni marejesho. Jedwali limeacha mkopo 40 kama ulivyo, lakini kama mkataba unataka urudishe 10 ya msingi mwaka huohuo, mkopo unabaki 30 na hela mpya inayotakiwa ni 18.7 badala ya 8.7. Haipiti kwenye taarifa ya mapato kwa sababu marejesho ya msingi si gharama, ni riba tu inayopita pale, kwa hiyo mtu anayeangalia faida pekee haioni kabisa mpaka tarehe ya kulipa.

Na hizo asilimia zenyewe usizichukue za mwaka mmoja tu ukazifunga. Angalia miaka mitatu kama unayo. Stoku ya asilimia 20 hapa ni kama siku 97 za mzigo ukipima kwa gharama ya bidhaa, na kwenye hiyo 40 mara nyingi kuna mzigo uliolala, tuseme 6 ambao hakuna anayeuulizia. Mzigo uliolala haukui na mauzo. Stoku hai ni 34, sawa na asilimia 17, kwa mauzo ya 300 inakuwa 51, ukijumlisha na ile 6 iliyolala ni 57 badala ya 60. Umeokoa 3 kwa kuhesabu stoo vizuri tu, na ukiuza hata kwa hasara sehemu ya ile 6 inapungua zaidi. Uendeshaji nao kodi ya pango haipandi kwa asilimia 50 kwa sababu umeuza zaidi, kwa hiyo asilimia 18 moja kwa moja inalionea duka, faida inaweza kuwa kubwa kuliko nilivyoandika. Lakini kama hiyo 300 inatoka kwenye tawi jipya, basi futa kila kitu nilichosema kuhusu vifaa na pango: tawi linataka rafu zilizojaa kabla halijauza hata kitu kimoja, hizo ziandike kwa namba zake kamili, zisiingie kwenye asilimia.

Halafu hii hesabu inapiga picha siku moja, mwisho wa mwaka. Kama mwaka wako wa hesabu unaisha baada ya msimu mkubwa wa mauzo, picha imepigwa wakati stoku iko chini na duka limetulia. Miezi miwili kabla ya msimu stoku inaweza kuwa 85 badala ya 60. Saplaya wakibeba sehemu ileile ya asilimia 40 ya stoku, wanachukua 10 ya hizo 25 za ziada, 15 ni zako. Jumlisha 8.7 inafika 23.7, na bado faida ya msimu haijaingia, ikiwa nusu ya ile iliyokadiriwa kubaki ndani bado iko mbele unaongeza kama 4, unakaribia 28. Mtu aliyeomba 9 kwa kuangalia jedwali la mwisho wa mwaka atakwama hapo katikati huku karatasi zake zikionyesha kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo jedwali la mwaka linakuambia hela ya kudumu kiasi gani, hiyo itafutie mkopo wa muda mrefu au mtaji, na ile ya kilele itafutie ovadrafti inayopanda na kushuka. Ukiichanganya utalipa riba mwaka mzima kwa hela uliyoihitaji miezi miwili.

Ukishaanza mwaka, mstari wa kuufuatilia kila mwisho wa mwezi ni stoku ukigawa kwa mauzo ya miezi 12 iliyopita, ila linganisha na mwezi uleule wa mwaka jana ili msimu usikudanganye. Kwa mauzo ya 300 kila asilimia 1 hapo ni 3 za kutafuta, ukiona imefika 23 wakati ulipanga 20 ujue pengo limeongezeka 9, ni zaidi ya mkopo wote wa kudumu uliokuwa unaujadili na benki.