Alumini "haishiki induksheni"? Hapana, hebu tulieleze neno hili

Wiki iliyopita pale soko la Kibuye, hapa Kisumu, nilimsikia muuzaji akimweleza mama mmoja aliyetaka jiko la induksheni kwamba sufuria za alumini hazishiki induksheni kwa sababu alumini haivutwi na sumaku. Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huu. Wanafunzi wangu wa fizikia huandika jambo lilo hilo kwenye mtihani.

Maana ya induksheni ni fupi. Uga wa sumaku unaobadilika ukipenya kipande cha kitu kinachopitisha umeme, huzalisha volteji ndani yake, mkondo huanza kuzunguka humo humo, na ukinzani huugeuza mkondo huo kuwa joto. Hakuna mahali inaposemwa kwamba kitu hicho lazima kivutwe na sumaku.

Neno lenyewe limetoka kwa Kilatini, inducere, yaani kuongoza hadi ndani. Kinachoongozwa ndani ni mkondo. Joto huzaliwa baadaye, palepale ndani ya metali. Mwanasayansi Mwingereza Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme. Mwaka 1855 Mfaransa Foucault akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, ikawa nzito kuzungusha na ikapata moto. Wafaransa hadi leo huiita mikondo hiyo kwa jina lake. Na shaba, kama alumini, sumaku haiivuti.

Sasa chukua sahani ya alumini yenye nusu kipenyo cha sentimita 5 na unene wa milimita 1. Iweke katikati ya koili, uga uipenye wima, ukipanda na kushuka kwa hezi 50 kama umeme wa nyumbani, kilele chake kikiwa tesla 0.01. Wastani wa joto ni:

P = π σ h ω² B₀² a⁴ / 16

Hapa σ ni upitishaji umeme wa alumini, takriban milioni 35 kwa vipimo vya kawaida, h ni unene, a ni nusu kipenyo, B₀ ni kilele cha uga, na ω ni 2π mara hezi. Jibu ni kama wati 0.42. Volteji ya kuzunguka ukingo mzima haifiki hata milivolti 25, lakini ukinzani ni mdogo mno, hivyo mkondo wote unaozunguka hufika karibu ampea 69 kwenye kilele. Sahani ina uzito wa gramu 21, kwa hiyo mwanzoni itapanda joto zaidi ya digrii moja kwa dakika.

Angalia σ iko upande gani. Iko juu! Katika hali hii kinachopitisha umeme vizuri ndicho kinachopata moto zaidi, kinyume kabisa cha maneno ya sokoni. Angalia pia a⁴. Katikati ya sahani hakuna mkondo. Unaongezeka kadiri unavyosogea ukingoni, na ukipunguza nusu kipenyo kwa nusu, joto linabaki moja ya kumi na sita. Ukiikata sahani vipande vinne kama chapati, na kuvitenga visigusane, joto la jumla hushuka hadi karibu moja ya tano, kwa sababu umeikatia mikondo njia ndefu ya kuzunguka.

Basi mbona jiko la induksheni linazikataa sufuria zetu? Kwa sababu jiko halitumii hezi 50. Hutumia maelfu, tuseme 24,000. Hesabu ile inafaa tu pale uga unaozalishwa na mikondo yenyewe ni mdogo ukilinganisha na uga wa koili. Kwa sahani yetu, hezi 50 zinatoa takriban asilimia 17 katikati, nayo si neno. Kwa hezi 24,000 uga huo ungekuwa mkubwa mara nyingi kuliko ule wa koili, jambo lisilowezekana. Kinachotokea ni kwamba mikondo huuzuia uga usipenye. Mkondo mkubwa upo, lakini unapita kwenye ukinzani mdogo mno hata joto linakuwa dogo kuliko uwezo wa koili, na mitambo ya jiko hugundua hivyo na kujizima. Chuma kinachovutwa na sumaku husukuma mkondo kwenye tabaka jembamba zaidi la uso wake, ukinzani unaongezeka, na wati zinapatikana.

Kwa hiyo ndugu muuzaji, ushauri wako kwa yule mama ulikuwa sawa: jiko lile halitampikia kwa sufuria zake. Ila umwambie kwamba jiko halikutengenezewa alumini, usimwambie kwamba alumini haishiki induksheni.